Damu Inaposhindwa Kupanda: Miguu ya Muuza Sokoni

Miguu inayovimba jioni, vigimbi vinavyouma na mishipa inayotuna chini ya ngozi huwapata zaidi watu wanaofanya kazi wakiwa wamesimama mahali pamoja: muuza nyanya nyuma ya meza yake Kariakoo, mwenye banda la mitumba Gikomba, mpika chapati, kinyozi. Asubuhi miguu huwa myepesi. Kufikia saa nane mchana kiatu kimeanza kubana, na jioni soksi ikivuliwa huacha mfereji kwenye ngozi. Maumivu yenyewe si makali. Ni uzito, kujaa na kuwaka moto, na usiku wa manane kigimbi hukakamaa ghafla na kumwamsha mtu. Akilala hadi asubuhi, karibu yote yametoweka, na siku mpya huanza upya.

Mpangilio huo wa nafuu asubuhi na taabu jioni ndio alama kubwa ya tatizo hili. Wengi hulitaja kama baridi yabisi, lakini maumivu ya viungo hukaa kwenye goti au kifundo chenyewe, na kwa kawaida mwenye nayo huamka amekakamaa, kisha hulegea kadiri anavyotembea. Maumivu yanayozungumzwa hapa hukaa katikati ya viungo, kwenye nyama ya mguu, na dawa yake ya haraka ni kulala chali. Chanzo chake kiko kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni.

Moyo husukuma damu kwenda miguuni kwa nguvu, lakini nguvu hiyo karibu yote imekwisha damu inapofika kwenye vidole na kuanza safari ya kurudi. Mtu akisimama tuli, safu nzima ya damu iliyo kati ya moyo na kifundo cha mguu hukandamiza iliyo chini yake, kama maji ya tangi yanavyokandamiza bomba lililo chini kabisa. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida safu hiyo ina urefu wa takriban mita 1.2, na shinikizo ndani ya vena za kifundo hufikia milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akikaa kitini hupungua hadi karibu 55. Akilala hubaki 10 hadi 15 tu. Hizo ni namba za mtu mwenye afya njema, wala hazihusiani na presha ile inayopimwa mkononi zahanati. Mtu mwenye presha ya kawaida kabisa hubeba mzigo huo huo kwenye kifundo kila anaposimama.

Damu hupanda mlima huo kwa kazi ya misuli ya kigimbi. Kila hatua ya kutembea hukaza misuli hiyo, nayo hukamua vena zilizopita katikati yake. Ndani ya vena mna vilango vidogo vya ngozi laini vinavyofunguka kuelekea juu tu, hivyo damu iliyokamuliwa haiwezi kurudi chini misuli inapolegea. Daktari Mwitaliano Fabricius alivieleza vilango hivyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1603, na mwanafunzi wake Mwingereza William Harvey akavitumia mwaka 1628 kuthibitisha kwamba damu huzunguka mwilini. Mtu mwenye vilango vizima akitembea, shinikizo la kifundoni hushuka kutoka 90 hadi kati ya 20 na 30. Akisimama tena bila kutikisika, vena hujaa upya, na kwa kawaida nusu dakika hutosha kulirudisha shinikizo lilikokuwa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mchuuzi anayetembeza bidhaa mitaani na mwenzake mwenye meza sokoni. Wa kwanza huchoka zaidi, lakini vigimbi vyake vinakamua siku nzima. Wa pili anaweza kushinda saa kumi na mbili akiwa amesogea hatua chache tu kati ya tenga na mizani, na kwa muda mwingi wa siku hiyo damu ya miguuni imeegemea kuta za vena kwa uzito wake wote. Kinachoumiza ni kusimama bila kutikisika, kuliko kusimama kwenyewe.

Kwa miaka, kuta hizo hutanuka. Vena ikitanuka, vilango vyake havikutani tena katikati. Damu iliyopanda huvuja kurudi chini, sehemu ya chini hutanuka zaidi, na kilango kilichofuata nacho hushindwa. Vena za juujuu, zilizo chini ya ngozi bila misuli ya kuzishikilia, ndizo hupinda na kutuna kwanza. Ndefu kuliko zote hupanda upande wa ndani wa mguu kuanzia kifundoni hadi kinenani, na ndiyo huonekana mara nyingi imejipinda ndani ya goti na pajani. Kusimama peke yake hakutoshi kuharibu vena za kila mtu. Urithi una sehemu kubwa, na ujauzito pia, kwa sababu damu huongezeka, homoni hulegeza kuta na tumbo hukandamiza njia ya damu kutoka miguuni. Umri na unene huongeza mzigo. Ndiyo maana wauzaji wawili wanaweza kusimama meza jirani kwa miaka 20, mmoja akawa na miguu iliyojaa vifundo na mwenzake asiwe na kitu.

Si kila mshipa unaoonekana ni ugonjwa. Mtu mwembamba, au aliyebeba mizigo ujanani, huwa na mishipa inayoonekana vizuri, lakini imenyooka na haimsumbui. Vena iliyoharibika hupinda kama mzizi, hutuna mtu anaposimama, ni laini ikibonyezwa na hutoweka akilala na kunyanyua mguu. Kwenye ngozi nyeusi rangi ya buluu inayotajwa vitabuni haionekani kirahisi, hivyo mkono hugundua mengi kuliko jicho. Apapaswe akiwa amesimama, kwenye mwanga wa pembeni, kuanzia kifundoni hadi gotini kwa ndani na kwa nyuma.

Uvimbe nao hutokana na shinikizo hilo hilo. Linapokuwa kubwa kwa saa nyingi, maji ya damu hupenya kuta za mishipa midogo na kujikusanya kwenye nyama kuzunguka kifundo. Njia rahisi ya kuyatambua ni kubonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole gumba, vidole vinne juu ya kifundo, kwa sekunde 10 hadi 15. Kidole kikitolewa na shimo likabaki, kuna maji. Njia nzuri zaidi ni futi ya fundi cherehani. Mguu hupimwa mzunguko mahali pembamba kuliko pote juu ya kifundo, kabla ya kutoka kitandani na tena jioni, mahali palepale, na namba huandikwa. Jicho husahau uvimbe wa jana, lakini futi haisahau.

Uvimbe ukiachwa kwa miaka, ngozi ya upande wa ndani juu ya kifundo huanza kusimulia. Huwasha, huwa nyeusi zaidi kuliko ngozi iliyo jirani kwa sababu ya madini ya chuma kutoka kwenye damu iliyovuja, kisha hukauka na kuwa ngumu kama imeshikamana na mfupa. Mkwaruzo mdogo wa kona ya kreti hapo, ambao kwingine ungepona kwa wiki moja, huweza kuwa donda la miezi. Madonda ya namna hii hupakwa kila aina ya poda na majani, na wengine humaliza dozi tatu za vidonge vya kuua vijidudu, huku chanzo chake, yaani shinikizo ndani ya vena, kikiwa hakijaguswa.

Chukua muuza nyanya wa miaka 44, mama wa watoto wanne, anayefika sokoni saa kumi alfajiri kupokea mzigo na kufunga saa kumi na mbili jioni. Mguu wake wa kushoto una vena iliyotuna tangu ujauzito wa tatu. Asubuhi mzunguko wa kifundo ni sentimita 24, jioni ni 26. Kulia ni 23.5 na 24.5. Kwa mwaka mzima amekuwa akinunua duka la dawa vidonge vya kukojoza, maarufu kama Lasix. Vilipunguza uvimbe kidogo siku ya kwanza, vikamfanya aache meza kila nusu saa kutafuta choo, na mwishowe akaanza kunywa maji kidogo kwenye joto la mchana ili asihangaike. Vidonge hivyo hutoa maji ya mwili mzima kupitia figo. Havifungui kilango hata kimoja cha vena, na kwa uvimbe wa aina hii havina kazi. Alichopata ni kizunguzungu na kukakamaa kwa misuli zaidi.

Mhudumu wa afya anayejua kazi yake humuuliza maswali kadhaa kabla ya kuzungumzia soksi. La kwanza ni la dawa nyingine, kwa sababu amlodipini na nifedipini, zinazotumiwa na wengi wenye presha, huvimbisha vifundo vya miguu yote miwili hata kwa mtu mwenye vena nzima. Dawa kama hiyo haiachwi kienyeji; daktari huweza kubadilisha aina au kupunguza kipimo. Swali la pili ni pumzi. Anayeamka usiku akihema, au asiyeweza kulala bila mito mitatu, huenda moyo wake umechoka. La tatu ni uso na mkojo. Uso unaovimba asubuhi na mkojo wenye povu humwelekeza mhudumu kwenye figo. Katika ukanda wa pwani huulizwa pia habari za matende, uvimbe ambao kadiri unavyokomaa haubonyei, haupungui kwa kulala na hukunja ngozi ya mguu. Mama wa nyanya hana lolote kati ya hayo. Mapigo ya damu juu ya wayo yanasikika vizuri kwa vidole, jambo litakalokuwa na maana baadaye.

Tiba yake huanza palepale mezani na haina gharama. Kila akimaliza kumhudumia mteja, hunyanyua visigino akasimama kwa vidole, akashusha, mara kumi. Kwa kuwa vena hujaa tena ndani ya nusu dakika au chini ya hapo, kufanya zoezi refu mara moja asubuhi hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kukamua kidogo kidogo siku nzima. Kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, au kuweka mguu mmoja juu ya tofali na kubadilisha, hupumzisha mgongo lakini hukamua kidogo sana ikilinganishwa na kunyanyua kisigino. Kuzunguka soko kwa dakika tano huku jirani akiangalia meza ni bora kuliko yote.

Kunyanyua miguu ndilo jambo linalofanywa vibaya zaidi. Muuzaji huvuta kigoda, huketi, huweka miguu juu ya kreti na kujiona amemaliza. Mkao huo hupumzisha nyayo na hupunguza shinikizo kiasi, lakini kifundo bado kiko chini ya moyo na damu bado ina mlima wa kupanda. Maji yaliyokwisha kuvuja hurudi kwenye mishipa kwa haraka pale tu kifundo kinapokuwa juu ya usawa wa moyo, na hilo haliwezekani mtu akiwa amekaa wima. Lazima alale. Nyuma ya meza panatosha: magunia matupu au mkeka chini, mgongo sakafuni, vigimbi juu ya kreti au tenga lililogeuzwa, na kitambaa kilichokunjwa chini ya vigimbi ili ukingo usikate nyama. Magoti yakunjwe kidogo. Goti lililonyooshwa kabisa hubana vena iliyo nyuma yake. Kisigino kibaki hewani, uzito wote ubebwe na kigimbi.

Dakika 15 hadi 30, mara tatu au nne kwa siku, ndicho kipimo kinachopendekezwa mara nyingi. Sokoni mara nne ni ndoto. Mama wa nyanya anapata dakika 20 saa nane mchana, biashara inapopoa, na nusu saa nyumbani kabla ya kupika. Wakati wa kulala husaidiwa na kitanda chenyewe: miguu ya kitanda ya upande wa nyayo huwekwa juu ya matofali ili upande huo upande kwa sentimita 15 hivi. Hilo ni bora kuliko mto chini ya vifundo, kwa sababu mto huteleza usiku, na mwili mzima ukiinama kidogo, mgongo na magoti hayasumbuki. Mwenye kuhema akilala, au anayeumwa na miguu zaidi anapoinyanyua na kupata nafuu akiining'iniza, asifanye hivyo kabla ya kupimwa. Wa kwanza huenda ana tatizo la moyo, na wa pili huenda mishipa yake ya kupeleka damu miguuni imeziba.

Wengine hutumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Raha yake ni ya kweli lakini fupi, kwani joto hutanua vena na kuongeza damu miguuni. Maji ya kawaida ya bombani yanafaa zaidi.

Kunyanyua miguu huondoa maji yaliyokwisha kuvuja, lakini mara mtu anaposimama tena yanaanza kurudi. Kubana mguu ndiko huzuia kurudi huko, na namna kunavyofanya kazi iligunduliwa ndani ya maji. Mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, Conrad Jobst, aliyeishi Toledo katika jimbo la Ohio, Marekani, aliteseka na madonda ya vena miguuni. Alibaini kwamba maumivu yake hupoa kila anaposimama wima ndani ya bwawa la kuogelea. Maji hukandamiza zaidi kadiri kina kinavyoongezeka, na kwa kuwa uzito wa maji na wa damu unakaribiana, shinikizo la nje kwenye kifundo hulingana na lile la ndani ya vena. Yanapungua yote mawili kadiri mtu anavyopanda kuelekea kifuani. Jobst akatengeneza soksi za kuiga bwawa hilo: zinabana zaidi kifundoni, kisha hulegea kidogo kidogo kuelekea gotini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akiziuza, na soksi nzuri za leo bado zinafuata kanuni ileile.

Kwa hiyo soksi ya kubana hutambuliwa kwa namba. Paketi yake huandikwa kiasi cha shinikizo kifundoni kwa milimita za zebaki. Kwa miguu inayouma na kuvimba kidogo kwa sababu ya kusimama, 15 hadi 20 hutosha. Kwa vena zilizotuna zenye uvimbe wa kila siku, kama mguu wa kushoto wa mama wa nyanya, 20 hadi 30 ndicho kiwango cha kawaida, na kinunuliwe baada ya kupimwa na mhudumu. Soksi isiyo na namba ni soksi nene tu. Mbaya zaidi ni ile yenye mpira mkali juu ya kigimbi huku chini imelegea, au suruali ya kubana inayoshika zaidi pajani. Hizo hufunga njia ya damu juu badala ya kuisukuma kutoka chini, na jioni mguu huwa mnene kuliko ungekuwa bila kitu.

Vipimo huchukuliwa asubuhi kabla mguu haujajaa: mzunguko wa kifundo mahali pembamba, mzunguko wa kigimbi mahali panene, na urefu kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Soksi ya kuishia chini ya goti huwatosha wengi. Huvaliwa kabla ya kutoka kitandani, au baada ya kulala miguu juu kwa dakika 15, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu haivutiki kama soksi ya kawaida. Mkono huingizwa ndani, kisigino cha soksi kikashikwa, na sehemu ya juu ikageuzwa nje. Wayo huvishwa kwanza mpaka kisigino kikae mahali pake. Ndipo sehemu iliyogeuzwa hupandishwa kidogo kidogo, ikilainishwa kwa viganja vyenye glavu za kuoshea vyombo, zinazoshika kitambaa bila kukichana. Ngozi iwe kavu. Poda kidogo husaidia. Isikunjwe juu hata kidogo, kwani mkunjo mmoja huongeza mara mbili mbano wa mahali hapo. Huvuliwa wakati wa kulala, hufuliwa kwa mkono kwa sabuni laini na huanikwa kivulini.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa ni tatizo la kweli, na wataalamu wanaoandika maelekezo kutoka nchi za baridi hawalipi uzito. Soksi ya nguvu nyingi iliyobaki kabatini haisaidii mguu wowote. Nyepesi inayovaliwa kila siku ni bora kuliko kali inayovaliwa Jumapili. Iliyo wazi kwenye vidole huvumilika zaidi, na inavalika pamoja na kandambili.

Pale soksi isipopatikana au bei yake isiposhikika, bandeji ya kuvutika yenye upana wa sentimita 10 hufanya kazi hiyohiyo, ikifungwa kwa ustadi. Mtu hulala au kuketi huku wayo umekunjwa kuelekea ugoko kama anavyosimama. Bandeji huanzia nyuma ya vidole, navyo hubaki nje. Mizunguko miwili hapo, kisha hupita kisigino na kukifunika chote, huvuka kifundo kwa umbo la namba nane, halafu hupanda ikizunguka, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, mpaka vidole viwili chini ya goti. Huvutwa kwa nguvu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi asiye na uzoefu hujaribu kuilegeza mwenyewe kadiri anavyopanda na mara nyingi huharibu. Hakuna haja, kwa sababu kifundo ni chembamba kuliko kigimbi, na mvuto uleule hubana zaidi penye mzunguko mdogo. Mbano hupungua wenyewe kuelekea juu.

Makosa yake huonekana kwa macho. Kisigino kikiachwa wazi, nyama huvimba pale pengo lilipo. Bandeji ikianzia kifundoni, wayo wote hujaa. Ikiteleza baada ya saa chache na kujikusanya kuwa kamba chini ya kigimbi, ifunguliwe mara moja, maana imekuwa kitanzi. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au kuuma, au kucha zikigeuka rangi, imekaza mno. Namna ya kuhakiki ni kubonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu na kuachia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu.

Kuna watu ambao kubana kunaweza kuwadhuru. Ikiwa mishipa ya kupeleka damu mguuni imesinyaa, jambo linalotokea zaidi kwa wavutaji wa sigara, wenye kisukari na wazee, mbano wa nje huweza kukata damu kidogo iliyobaki na kuua ngozi. Ndiyo maana mapigo juu ya wayo hupapaswa kwanza. Yasiposikika, hospitali hupima presha ya kifundoni na kuilinganisha na ya mkononi. Matokeo ya kugawa ya kwanza kwa ya pili yakiwa chini ya 0.8, kubana kwa nguvu kusifanywe bila mtaalamu, na chini ya 0.5 kusifanywe kabisa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo hupimwa kwa uangalifu zaidi, kwani kwake bandeji iliyokaza haiumi. Mwenye moyo uliochoka huamuliwa na daktari.

Baada ya wiki mbili mguu wa kushoto wa mama wa nyanya hupima 24.5 jioni badala ya 26, na uzito wa vigimbi umepungua. Vena iliyotuna ipo palepale. Hiyo ndiyo mipaka ya tiba hii: soksi hupunguza uvimbe na maumivu, na husaidia donda la vena kupona, lakini haifufui kilango kilichokufa, na zikivuliwa kwa mwezi mmoja hali hurudi. Kama vena zinaendelea kuuma, ngozi imeanza kuwa nyeusi na ngumu, au kuna donda lisilopona ndani ya wiki mbili, kipimo cha altrasaundi huonyesha kilango kipi kinavuja. Vena mbovu ya juujuu huweza kuunguzwa kwa ndani, kuchomwa sindano ya dawa inayoifunga, au kuondolewa kwa upasuaji. Mguu hauikosi, kwa sababu sehemu kubwa ya damu hupita kwenye vena za ndani. Soksi nazo huchoka. Mpira wake hulegea kwa kuvaliwa na kufuliwa, na baada ya miezi 6 hivi za kila siku huwa zimepoteza nguvu ingawa hazijatoboka.

Vena iliyotuna ikikwaruzwa huweza kutoa damu nyingi ya kutisha, hasa juu ya kifundo. Damu hiyo huwa nyingi kwa sababu aliyejeruhiwa amesimama. Alazwe chini palepale, mguu unyanyuliwe juu ya kifua, na kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa dakika 10 bila kuchungulia. Usifungwe kamba juu ya jeraha, kwani kamba huzuia damu kurudi na kuongeza kuvuja. Kisha apelekwe hospitali hata kama imekatika.

Jambo la mwisho halihusu kusimama sokoni, lakini hutokea kwenye miguu ileile na hufananishwa nalo. Mguu mmoja ukivimba kwa siku moja au mbili, kigimbi kikiuma na kuwa na joto, na uvimbe usipungue kwa kulala, huenda bonge la damu limeziba vena ya ndani. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au aliyelazwa kwa muda mrefu. Mguu huo usikandwe, usichuliwe kwa mafuta wala usifungwe bandeji nyumbani, kwa sababu bonge likikatika husafiri hadi mapafuni. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na akianza kuhema au kuumwa na kifua, saa hiyohiyo.